Late ya barafu na afogato kwa sufuria, kitambaa na mtungi

Swali: Shikamoo mama. Ninaishi Ilazo, Dodoma. Jua la mwezi huu wa Novemba limenishinda, nataka kujitengenezea late ya barafu, ile kahawa baridi ya maziwa, nyumbani, lakini kila nikijaribu napata maji ya rangi ya kahawia yasiyo na ladha. Sina mashine. Nina sufuria, chujio la chai, na friji dogo lenye kisehemu cha barafu juu. Je, na ile afogato wanayouza kwenye mikahawa inawezekana kwa vifaa hivi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Vifaa ulivyo navyo vinatosha kwa vinywaji vyote viwili, na wala si ukosefu wa mashine unaokuharibia kahawa. Kinachoiharibu ni barafu, au tuseme ni kule kutoihesabu barafu kuwa ni maji. Ukilielewa jambo hili moja, mengine yote yatajipanga yenyewe, kwa hiyo niruhusu nianze nalo kwa kirefu.

Barafu haipozi kahawa kwa ubaridi wake tu. Inapoza hasa kwa kuyeyuka. Kipande cha barafu kinahitaji joto jingi sana ili kigeuke maji, na joto hilo kinalichukua kutoka kwenye kahawa yako. Kipimo chake ni rahisi kukumbuka: ukichukua maji yenye joto la nyuzi 80 na kuyachanganya na barafu yenye uzito ule ule, barafu yote itayeyuka na utabaki na maji matupu ya nyuzi sifuri, bila hata kipande kimoja kinachoelea. Sasa fikiria unachokifanya. Unapika kikombe cha kahawa cha kawaida, kama mililita 200, unaimimina ikiwa bado inatoa mvuke juu ya bilauri iliyojaa barafu, kisha unaongeza maziwa. Ili kahawa hiyo ipoe hadi kufikia ubaridi wa kunyweka, karibu gramu 190 za barafu zinalazimika kuyeyuka ndani yake. Umeizidisha kahawa yako mara mbili kwa maji kabla hata maziwa hayajagusa bilauri. Hakuna kahawa ya kikombe cha kawaida inayoweza kustahimili hilo, hata ingekuwa nzuri namna gani.

Kuna mambo mawili ya kurekebisha, na yote mawili yanahitajika. La kwanza ni kupika kahawa kidogo lakini nzito, ili maji ya barafu yakiingia yakute kitu cha kukizimua. La pili ni kuitoa kahawa hiyo joto lake kubwa kabla haijakutana na barafu.

Nianze na uzito wa kahawa. Mashine ya espreso inasukuma maji ya moto kwa shinikizo kubwa kupitia kahawa iliyosagwa laini, nayo hutoa kahawa kidogo na nzito. Shinikizo hilo hatuna, wala lile povu la dhahabu linalokaa juu ya espreso hatutalipata, lakini ndani ya maziwa baridi na barafu povu hilo lingepotea mara moja hata lingekuwepo. Tunachohitaji ni uzito, na uzito unapatikana kwa uwiano wa kahawa na maji. Mimi hutumia gramu 20 za kahawa ya unga kwa mililita 120 za maji, yaani maji yawe mara sita ya kahawa. Kama huna mizani, vijiko vinne vya chakula vilivyosawazishwa kwa kisu vitakufikisha karibu na hapo. Kwa maji, azima chupa ya maziwa ya mtoto, kwa kuwa ina alama za mililita ubavuni. Pima maji yakiwa baridi, halafu ndipo uyachemshe kwenye sufuria ndogo.

Maji yakitokota, ondoa sufuria jikoni. Wanaofuata maelekezo ya watu wa pwani huambiwa wasubiri kidogo maji yapungue joto, lakini sisi Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu hutokota kwenye nyuzi 96 hivi, joto ambalo linaifaa kahawa kabisa. Usisubiri. Mimina kahawa ndani, koroga mpaka unga wote ulowe, funika, na uiache dakika nne bila moto. Usiirudishe jikoni ichemke. Najua kahawa yetu ya kijiweni huchemshwa muda mrefu, na ina utamu wake pamoja na kashata, lakini kahawa nzito namna hii ikichemshwa hutoa uchungu mkavu unaokwama kooni, na ubaridi hauufichi uchungu huo.

Dakika nne zikitimia, tandika kitambaa cheupe cha pamba juu ya chujio la chai na uchuje. Chujio peke yake halitoshi, kwani vumbi la kahawa litapita, litaendelea kutoa uchungu ndani ya kinywaji na litaacha tope chini ya bilauri. Kitambaa hicho kiwe cha kazi hiyo tu, kioshwe kwa maji ya moto pasipo sabuni yenye manukato, na kianikwe kikauke kabisa. Machicha ya kahawa yatabaki na kama theluthi ya maji yako, kwa hiyo usishangae ukipata mililita 80 tu. Kibonyeze kitambaa kwa kijiko, lakini usikikamue kwa nguvu, maana tone la mwisho ndilo lenye vumbi jingi kuliko yote.

Onja kijiko kimoja cha hiyo uliyoipata. Inapaswa kuwa kali kiasi kwamba usingependa kuinywa hivyo hivyo. Ikiwa inanyweka vizuri kama ilivyo, basi ni nyepesi mno, na barafu itaimaliza. Ikiwa ni nyepesi na ina uchachu, kahawa imesagwa kwa ukubwa mno na maji hayakuwahi kuitoa ladha. Saga ifike ukubwa wa chumvi laini ya mezani. Ikiwa ni chungu na ina tope, imesagwa kuwa vumbi, jambo linalotokea sana kwa kahawa iliyotwangwa kwenye kinu. Ya kinu si mbaya, ila ipitishe kwanza kwenye chekeche ya unga iliyo laini na uweke pembeni lile vumbi la chini.

Kabla sijaendelea, neno kuhusu kahawa yenyewe. Ulimi wetu hauonji utamu vizuri katika kitu baridi, na harufu nayo hupungua, kwa sababu harufu hupanda na mvuke. Kwa hiyo kahawa nyepesi iliyokaangwa kidogo, ambayo ukiinywa moto inakupa uchachu mzuri unaofanana na wa matunda, ikiwa ndani ya maziwa baridi huonekana kama maziwa yanayoanza kuharibika. Chagua iliyokaangwa ifikie rangi ya kahawia iliyokolea, lakini isiwe nyeusi inayong'aa mafuta. Arabika ya Kilimanjaro, ya Mbozi au ya Mbinga inafaa sana. Ukiweza kuchanganya robo ya robusta ya Kagera, kinywaji kitakuwa kizito zaidi kinywani na ladha yake itasimama mbele ya maziwa. Lakini isizidi robo, maana uchungu wake ni mkubwa na kafeini yake inakaribia mara mbili ya ile ya arabika. Ukinunua kahawa ya unga ya sokoni, uliza kama imechanganywa na tangawizi. Tangawizi si dhambi, ila utakuwa umetengeneza kinywaji kingine.

Na kahawa ya kopo, ile inayoyeyuka bila machicha? Inafaa kuliko watu wanavyodhani. Vijiko viwili vya chai vilivyojaa katika mililita 60 za maji ya moto vinakupa kahawa nzito papo hapo, tena isiyo na vumbi. Itakosa harufu, lakini haitakuangusha siku ambayo muda ni mfinyu.

Kama unatumia sukari, hapa ndipo mahali pake, kahawa ikiwa bado moto. Vijiko viwili vya chai kwa mililita 80 ni wastani mzuri. Sukari ikiwekwa kwenye maziwa baridi hukaa chini kama mchanga, nawe ukikoroga kwa dakika nzima ili iyeyuke, barafu nayo inayeyuka pamoja nayo.

Sasa lile jambo la pili, la kuondoa joto. Watu wengi huiweka kahawa moto kwenye friji, ambako itakaa zaidi ya saa nzima kabla haijapoa, huku ikilipasha joto friji lako dogo pamoja na maziwa yaliyomo. Sisi wa Dodoma tuna njia bora zaidi, nayo ni mtungi. Maji hupenya polepole kwenye ngozi ya udongo wa mtungi, yakifika nje hukauka, na yakikauka huondoka na joto. Hewa yetu ya kiangazi ni kavu sana, ndiyo maana mtungi uliowekwa kivulini penye upepo hapa kwetu hufanya kazi ambayo kule Dar es Salaam, kwenye unyevu wa bahari, haufanyi hata nusu yake. Kwa hiyo mimina kahawa yako kwenye kikombe cha bati au cha chuma, si cha udongo wala plastiki, kwa kuwa chuma hupitisha joto upesi. Simamisha kikombe hicho ndani ya bakuli la maji ya mtungini, maji yafike karibu na usawa wa kahawa, na ukoroge mara kwa mara. Baada ya dakika tano badilisha maji ya bakuli, maana yatakuwa yamekuwa vuguvugu. Dakika tano nyingine na kahawa haitakuwa na joto tena ukiishika kikombe. Maji hayo ya bakuli hayapotei, yamwagie maua.

Tazama tofauti inayopatikana kwa dakika hizo kumi. Mililita 80 za kahawa iliyotoka kwenye kitambaa ina joto la nyuzi 75 hivi. Ukiimimina hivyo juu ya barafu pamoja na maziwa ya friji, gramu 70 hivi za barafu zitayeyuka mara moja. Ukiipoza kwanza hadi nyuzi 30, zitayeyuka kama 30 tu. Hizo gramu 40 zinazookolewa ni nusu ya ujazo wa kahawa yenyewe, nazo ndizo zinazotenganisha kinywaji chenye ladha na yale maji ya rangi ya kahawia uliyoyaeleza.

Kukusanya late yako ni kazi fupi. Jaza barafu bilauri ndefu zaidi ya nusu, mimina mililita 120 za maziwa yaliyolala kwenye friji, kisha mimina kahawa taratibu juu ya vipande vya barafu. Kahawa isiyo na sukari hukaa juu ya maziwa kwa tabaka zuri linaloshuka kama moshi. Yenye sukari ni nzito, nayo huzama upesi, kwa hiyo usidhani umekosea. Koroga, kunywa. Barafu iwe ya vipande vikubwa, kwani iliyopondwapondwa ina uso mwingi unaogusa kinywaji, na huyeyuka haraka mno. Kama unagandisha kwenye mifuko midogo ya nailoni, ipasue kwa mchi ikiwa imefungwa kwenye taulo, mapigo mawili au matatu tu, na uchague mapande makubwa.

Maji ya barafu hiyo nayo yaangalie. Barafu inayoyeyuka ndani ya bilauri yako utainywa, na sehemu nyingi za mkoa wetu hutumia maji ya visima, mengine yakiwa na chumvi inayoonekana kama utando mweupe ndani ya birika. Niliwahi kununua barafu za mfuko kwenye duka moja kwa ajili ya wageni sita, nikatumia kahawa niliyoiagiza kutoka Moshi, na wote sita waliniuliza kama nimekosea nikatia chumvi badala ya sukari. Nikachukua kipande cha barafu ile, nikakiyeyusha kwenye kijiko, nikaonja. Jibu lilikuwa mle. Tangu siku ile nagandisha barafu yangu mwenyewe kwa maji ya kunywa yaliyochemshwa yakapoa, na naifunga vizuri, kwa kuwa barafu hubeba harufu ya samaki na nyama vilivyo jirani yake kwenye friji.

Kuhusu maziwa, ya pakiti yaliyokaa kwenye friji hayana usumbufu. Ukitumia maziwa ya ng'ombe unayoletewa asubuhi, yachemshe kwanza, yapoze kwa njia ile ile ya bakuli, yaweke kwenye friji, na wakati wa kuyatumia yapitishe kwenye chujio ili utando wa malai usigande vipandevipande kwenye bilauri. Ukiona maziwa yamekatika yakiguswa na kahawa, kosa si la kahawa peke yake. Kahawa ina tindikali kidogo, ambayo maziwa mazima huistahimili, lakini maziwa yaliyoanza kuchacha kwa joto la mchana hayana tena uvumilivu huo. Kabla ya kuyaamini, pasha kijiko kimoja cha maziwa kwenye kikombe cha bati juu ya moto. Yakikatika hapo, usiyatie kwenye kahawa.

Tuje kwenye afogato. Jina hilo ni la Kiitaliano, lina maana ya kitu kilichozamishwa, na chenyewe ni aiskrimu ya vanila iliyomiminiwa espreso moto. Zingatia neno moto. Hapa kila nililokwambia juu ya kupoza kahawa linageuka kinyume, kwa sababu raha ya afogato ni mkutano wa joto na ubaridi ndani ya kijiko kimoja, na kinachoyeyuka humo si maji bali ni krimu yenye sukari. Kuyeyuka kule kulikokuwa adui kwenye late, hapa ndiko kunakotengeneza mchuzi.

Hatari yake iko kwenye vipimo. Tumia mililita 30 tu za kahawa kwa bonge moja la aiskrimu la gramu 60 au 70. Kwa watu wawili, pika gramu 15 za kahawa kwa mililita 90 za maji kwa utaratibu ule ule, utapata mililita 60 za kugawana, nawe usiweke sukari hata punje. Utajua umepatia ukiona, baada ya dakika moja, kisiwa kigumu cha aiskrimu kimesimama katikati ya dimbwi zito la rangi ya karameli. Kikizama chote, ama kahawa ilizidi, ama aiskrimu haikuwa ngumu.

Ugumu huo ndio utakaokusumbua, kwa kuwa kisehemu cha barafu cha friji dogo la mlango mmoja mara nyingi hakifiki nyuzi 18 chini ya sifuri, ambazo ndizo zinazoifaa aiskrimu. Kwa hiyo inunue siku ile ile utakayoitumia, jioni ikiwezekana, ifunge kwenye magazeti mengi na taulo kwa safari ya kurudi nyumbani, na iweke ikigusa kabisa bati la nyuma la kisehemu hicho, pamoja na bakuli mbili ndogo nene utakazotumia. Bakuli lililotoka kabatini saa nane mchana lina joto la kuyeyusha robo ya aiskrimu kabla kahawa haijafika. Kijiko kikizama kwenye kopo bila kupata upinzani, subiri. Na umeme ukikatika hadi aiskrimu ikawa uji, usiigandishe tena. Itakuwa na punje za barafu zinazosagika menoni, na vijidudu vilivyopata nafasi ya kuongezeka wakati ikiwa na joto haviuawi na baridi.

Unapochagua kopo dukani, linyanyue kabla hujasoma jina lake, kisha soma uzito ulioandikwa. Aiskrimu huuzwa kwa ujazo, na ndani yake kuna hewa. Kopo la lita moja lenye gramu 500 na kidogo ni karibu nusu hewa, nalo likiguswa na kahawa moto hunywea na kuacha povu jepesi lisilo na ladha. Lenye gramu 700 au zaidi hushuka polepole na kutoa mchuzi mzito. Soma pia viambato: panapotajwa maziwa na krimu mwanzoni utapata mchuzi laini, panapotajwa mafuta ya mimea mara nyingi utaona vitone vya mafuta vikielea juu ya kahawa na kubaki vimegandia kwenye kaakaa.

Utaratibu wa mwisho uwe hivi: wageni waketi kwanza, kahawa ichujwe moja kwa moja kwenye kikombe kilichosuuzwa kwa maji ya moto ili isipoteze joto, aiskrimu itolewe, ichotwe, iwekwe kwenye bakuli lililogandishwa, na kahawa imiminwe mbele yao, pembeni mwa bonge na si juu ya kichwa chake. Kwa joto la Novemba unazo dakika tatu za kuila.